Leseni yako inaisha lini? Anza na TRA kabla hujaenda halmashauri

Kila mwaka, kati ya Machi na Aprili, napokea simu za aina moja. Mtu anasema leseni yake ya biashara inaisha wiki hii, ameshatenga hela ya ada, amefungua mfumo wa leseni mtandaoni, na mfumo umemgomea. Anadhani tatizo liko halmashauri. Tukikaa na kuangalia, tunakuta tatizo liko TRA, na limekaa huko tangu Januari.

Mwongozo huu nawaandikia wenye maduka na biashara ndogo za Tanzania Bara: mtu binafsi, si kampuni, ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100. Wenye kampuni na waliosajiliwa VAT wana mambo mengine zaidi, nitayagusa kidogo tu mwishoni. Walio Zanzibar wana mamlaka yao na taratibu zao.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba kuna kalenda mbili. Leseni ina kalenda yake: inadumu miezi 12 tangu siku ilipotolewa. Kama ilitolewa tarehe 14 Aprili, inaisha tarehe 13 Aprili mwaka unaofuata, haijali Desemba wala Januari. Kodi ya mapato nayo ina kalenda yake, ambayo kwa mfanyabiashara mdogo hufuata mwaka wa kawaida, Januari hadi Desemba, na malipo yake yamegawanywa katika awamu nne: 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kalenda hizi mbili zinakutana mahali pamoja. Ili uhuishe leseni unahitaji cheti cha uthibitisho wa mlipakodi, kile ambacho mitaani tunakiita kliaransi, na kliaransi hupati kama hujafanya makadirio ya mwaka huo au una awamu iliyopita bila kulipwa.

Kwa hiyo tarehe ya kwanza ya kuihofia si ile iliyoandikwa kwenye leseni. Ni tarehe ya awamu ya kodi iliyo karibu nayo.

Hatua ya kwanza: toa leseni ukutani uisome

Ndiyo, ishushe. Wengi wanajua wana leseni lakini hawajui inasemaje. Angalia mambo matatu: tarehe ya kuisha, aina ya biashara iliyoandikwa, na mahali pa biashara. Kisha chukua TIN yako ulinganishe. Kama leseni inasema upo mtaa mmoja na TIN inasema mtaa mwingine ulikohama miaka miwili iliyopita, rekebisha taarifa zako TRA sasa, wakati huna haraka. Kama uliongeza biashara, tuseme ulikuwa na duka la vifaa vya shule sasa una na uwakala wa fedha pembeni, au umefungua tawi la pili, uliza halmashauri mapema. Kila mahali pa biashara panahitaji leseni yake, na leseni ya duka moja haivuki barabara kwenda la pili.

Angalia pia nani aliitoa. Biashara nyingi ndogo, yaani maduka ya rejareja, migahawa, saluni na kadhalika, ni za kundi B, na leseni zake hutolewa na halmashauri. Kundi A, ambalo ni la biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa kama kuingiza na kutoa bidhaa nje ya nchi, hushughulikiwa na BRELA. Huu mwongozo ni wa kundi B.

Ukishaijua tarehe, rudi nyuma mwezi mmoja kamili uweke alama. Hiyo ndiyo siku yako ya kuanza. Kama mwezi huo umeangukia kwenye mwisho wa robo mwaka, rudi nyuma hata zaidi.

Hatua ya pili: makadirio, na hapa usikimbie

Sehemu hii ndiyo yenye hela, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mfanyabiashara mdogo hatozwi kodi kwa faida yake. Anatozwa kwa mauzo ghafi, yaani hela yote iliyoingia kwa kuuza, kabla hujatoa gharama ya mzigo, pango, umeme wala nauli. Nimeona watu wakiulizwa "unauza kiasi gani?" wanajibu faida, na wengine wakiulizwa hivyohivyo wanajibu mtaji. Wote wawili wanajiumiza, mmoja leo na mwingine siku hesabu zitakapokaguliwa.

Viwango nitakavyotumia ni vile vilivyotumika kwa mwaka wa kodi 2024. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayakuwa na kodi. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiyetunza kumbukumbu alilipa 100,000, na anayetunza alilipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiyetunza alilipa 250,000, na anayetunza alilipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7. Ukivuka milioni 11, njia ya kulipa bila kumbukumbu haipo tena, na mashine ya EFD inakuhusu.

Sasa nikupe kisa. Mama mmoja ana duka la vifaa vya shule: madaftari, kalamu, soksi, begi. Leseni yake ilitolewa 14 Aprili 2023, kwa hiyo ilikuwa inaisha 13 Aprili 2024. Alikuja kwangu Jumatatu ya tarehe 8 Aprili 2024. Makadirio alikuwa hajafanya. Nikamuuliza anauza kiasi gani kwa mwezi, akajibu bila kusita, "Kama milioni mbili hivi." Nikamuuliza mwezi gani. Akanyamaza.

Mwezi aliokuwa nao kichwani ni Januari, mwezi ambao wazazi wote wa mtaa hupita dukani kwake. Angeandika milioni 2 kwa mwezi kwenye makadirio, hesabu ya mwaka ingekuwa milioni 24. Angejitoa mwenyewe kwenye kundi lake, akajiingiza kwenye kodi kubwa zaidi na kwenye mashine ya EFD, kwa sababu ya kumbukumbu ya mwezi mmoja mzuri.

Bahati yake alikuwa na daftari. Halikuwa zuri. Lilikuwa la kurasa mia, limelowa pembeni, na siku nyingine ziliandikwa kwa penseli na mtoto wake. Lakini lilikuwa na mauzo ya kila siku ya mwaka 2023. Tulikaa saa mbili tukajumlisha. Januari, 1,900,000. Julai, shule zilipofungua muhula wa pili, 1,150,000. Miezi kumi iliyobaki, jumla yake 6,310,000, yaani wastani wa 631,000 kwa mwezi. Mwaka mzima ni 9,360,000.

Tukaweka hiyo kama makadirio yake ya 2024, kwa sababu hakuna kilichobadilika dukani. Hesabu ikawa hivi:

9,360,000 − 7,000,000 = 2,360,000
2,360,000 × 3% = 70,800
90,000 + 70,800 = 160,800

Kwa mwaka ni 160,800, ukigawa kwa nne ni 40,200 kwa awamu. Bila daftari lile angelipa 250,000, yaani 62,500 kwa awamu. Tofauti ni 89,200 kwa mwaka, kwa daftari lililonunuliwa dukani kwake mwenyewe.

Na tofauti hiyo ndiyo huwa kubwa zaidi kwa aliyevuka milioni 7 kidogo tu. Mwenye mauzo ya 7,200,000 anayetunza kumbukumbu analipa 96,000. Asiyetunza analipa 250,000 ileile. Kwa kila kiwango cha mauzo kati ya milioni 4 na milioni 11, mwenye kumbukumbu analipa pungufu. Sijawahi kuona hesabu inayomwadhibu mtu kwa kuandika.

Kumbukumbu si lazima ziwe za kompyuta. Mstari mmoja kwa siku: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu au lipa namba, manunuzi, na matumizi mengine. Mwisho wa mwezi jumlisha kila safu, andika jumla kwa kalamu nyingine. Risiti za manunuzi zitie kwenye bahasha moja kwa mwezi. Zitunze miaka mitano.

Kuna mtego mmoja kwenye lipa namba. Watu wanapokea humo mauzo, mchango wa harusi, hela ya mdogo wake anayesoma, na deni la jirani. Siku ukiombwa taarifa ya miamala, kila shilingi iliyoingia itaonekana kama mauzo, na ni wewe utakayetakiwa kueleza. Weka lipa namba ya duka kwa ajili ya duka. Hela za nyumbani zipite kwenye laini yako ya kawaida.

Makadirio unaweza kuyafanya kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya TRA au kwa kwenda ofisi ya TRA ya eneo lako ukiwa na TIN na daftari. Ukienda ofisini, beba daftari lenyewe, usiende na jumla kwenye kikaratasi. Ofisa akiona siku kwa siku, mazungumzo yanakuwa mafupi.

Ukipewa tathmini ambayo huikubali, una siku 30 tangu uipokee kuweka pingamizi kwa maandishi. Lakini elewa sharti lake: unatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi ambacho hukipingi, kile kilicho kikubwa kati ya hivyo viwili. Kunung'unika mlangoni si pingamizi, na siku 30 zinapita upesi kuliko unavyodhani.

Kama katikati ya mwaka biashara inashuka au inapanda tofauti na ulivyokadiria, rekebisha makadirio kabla mwaka haujaisha. Usisubiri Januari ukaanza kueleza.

Hatua ya tatu: lipa awamu kabla ya siku yake

Tarehe 31 Machi ndiyo ya makadirio na ya awamu ya kwanza kwa pamoja. Mwaka 2024 ilikuwa Jumapili, tena Jumapili ya Pasaka. Ijumaa Kuu ilikuwa tarehe 29, Jumatatu ya Pasaka tarehe 1 Aprili. Mtu aliyepanga kushughulikia "mwisho wa mwezi" alikuwa na siku nne mfululizo za mapumziko mbele yake. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo nayo ikawa Jumapili. Kwa hiyo mimi wateja wangu nawapa tarehe zangu: tarehe 20 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Siku kumi za kupumua, za mtandao kugoma, za benki kujaa, za kusahau.

Malipo yanafanyika kwa kumbukumbu namba, ile ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Unaweza kulipa benki au kwa simu. Kabla hujabonyeza, soma jina linalotokea. Kama halina jina lako, simama. Hela ya serikali hailipwi kwenye namba binafsi ya mtu, hata akiwa amevaa kitambulisho, hata akiwa "atakusaidia iharakishwe".

Ukishalipa, usifute ujumbe. Piga picha ya skrini au chapisha risiti, ibandike kwenye ukurasa wa daftari wa mwezi huo. Nimeshatatua "deni" la watu watatu kwa ujumbe wa simu tu.

Ukichelewa, kuna riba inayoongezeka kila mwezi, na kwa kuchelewesha taarifa kuna adhabu yake peke yake. Awamu moja ya 40,200 inaonekana ndogo, ila ikiachwa bila kulipwa inakufungia kliaransi, na kliaransi inakufungia leseni. Hapo ndipo gharama ilipo.

Hatua ya nne: pango la fremu, deni ambalo wengi hawalijui

Turudi kwa yule mama. Tulimaliza makadirio, nikamuuliza mkataba wa fremu. Akautoa: 100,000 kwa mwezi, alilipa mwaka mzima mwezi Januari, 1,200,000. Alimpa mwenye nyumba zote taslimu. Nikajua tumekwama tena.

Mpangaji anayefanya biashara kwenye fremu anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Hii inaitwa kodi ya zuio. Si kodi yako, ni ya mwenye nyumba, lakini jukumu la kuikata na kuipeleka ni lako, na usipoikata unadaiwa wewe. Inatakiwa ifike ndani ya siku 7 baada ya mwezi uliolipa kuisha. Yeye alilipa Januari, kwa hiyo siku yake ilikuwa 7 Februari. Hesabu yake:

1,200,000 × 10% = 120,000 ya TRA
1,200,000 − 120,000 = 1,080,000 ya mwenye nyumba

Juu ya hapo kuna ushuru wa stempu kwenye mkataba, asilimia 1 ya pango la mwaka, 12,000 kwa mkataba huu, unaolipwa ndani ya siku 30 tangu kusaini.

Mwenye nyumba wake alipopigiwa simu alisema maneno wanayosema wote: "Mimi nilitaka milioni na laki mbili mkononi, hayo ya serikali ni yako." Na kwa kuwa hela ilikuwa imeshatoka, mama hakuwa na cha kushika. Alilipa 120,000 mfukoni mwake.

Kwa hiyo zungumzeni kabla ya kusaini. Muulize waziwazi: bei hii kodi ya zuio imo au haimo? Halafu iandikwe kwenye mkataba kwa sentensi moja inayosema mpangaji atakata asilimia 10 na kumpa mwenye nyumba cheti cha zuio. Mwenye nyumba mwenye akili anakitaka hicho cheti, maana kinaonyesha kodi yake imelipwa. Asiyekubali kabisa, basi jua kwamba bei ya fremu ni kubwa kuliko aliyokutajia, na uamue ukijua hivyo. Usisaini mkataba wenye bei ya uongo ili kupunguza zuio. Wapangaji waliofanya hivyo wakagombana na mwenye nyumba hawana karatasi ya kujitetea nayo.

Hatua ya tano: omba kliaransi, kisha ndiyo uende kwenye leseni

Makadirio yakiwa tayari, awamu imelipwa, zuio na stempu zimelipwa, unaomba kliaransi TRA. Ukifuata mpangilio huu huwa haina mengi. Ukiruka hatua moja, utarudishwa kwenye hatua hiyo, na mara nyingi hutaambiwa zote kwa pamoja. Utarekebisha moja, urudi, uambiwe nyingine.

Ukiipata, ingia kwenye mfumo wa TAUSI:

```
https://tausi.tamisemi.go.tz
```

Utahitaji namba ya NIDA, TIN, namba ya simu inayopatikana, na leseni ya zamani mbele yako. Chagua halmashauri sahihi. Nasema sahihi kwa sababu kwenye miji mikubwa mpaka wa manispaa unaweza kupita katikati ya soko, na mtu akachagua manispaa anayoishi badala ya ile duka lilipo. Chagua kuhuisha, usiombe leseni mpya, halafu hakiki kila mstari. Mfumo ukikupa kumbukumbu namba, lipa, subiri idhini, chapisha, ibandike panapoonekana. Sheria inataka ionekane.

Kama biashara yako inagusa chakula, dawa, vipodozi au vileo, kuna vibali vya sekta vinavyokwenda pamoja na leseni. Uliza ofisi ya biashara ya halmashauri vinavyokuhusu kabla mwezi wako wa maandalizi haujaanza, kwa sababu vingine vinahitaji ukaguzi na mkaguzi ana ratiba yake.

Huhitaji kumlipa mtu elfu hamsini nje ya ofisi akujazie TAUSI. Kama huna simu janja, kaa na kijana wako, au nenda kwa maofisa biashara wa halmashauri, wana kazi ya kukuelekeza. Neno la siri la akaunti yako usimpe mtu akaondoka nalo. Mwaka unaofuata utamtafuta humpati, na namba ya simu iliyosajiliwa ni yake.

Ilimgharimu nini

Yule mama alikuja Jumatatu. Katikati ya wiki ikawa sikukuu ya Idi. Tarehe 13 Aprili ikawa Jumamosi. Siku za kazi zilizobaki zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kwenye siku hizo alitakiwa kutafuta 40,200 ya awamu, 120,000 ya zuio na 12,000 ya stempu, jumla 172,200, kabla ya riba na kabla ya ada yenyewe ya leseni. Hela zote hizo zilikuwa za kulipwa kwa nyakati tofauti kati ya Januari na Machi, na Januari duka lake lilikuwa na hela. Aprili halikuwa nazo. Alikopa kwenye kikundi.

Leseni ilitoka baada ya tarehe kupita. Kuchelewa kuhuisha kuna nyongeza ya asilimia 25 ya ada, na asilimia 2 kwa kila mwezi unaozidi. Kwa ada ya 100,000, kwa mfano, hapo ni 25,000 umeitupa kwa kuchelewa siku chache. Na siku ambazo huna leseni hai, duka likikutwa wazi, huna neno la kusema.

Mwaka uliofuata tulipanga hivi: kila jioni ya Januari anaweka 10,000 kwenye kibubu cha kodi, kwa sababu Januari ndiyo mwezi wake. Siku 26 za kazi zinampa 260,000. Inatosha awamu ya Machi, zuio na stempu, na inabaki ya kuanzia ada. Wewe mwezi wako mzuri unaweza kuwa Desemba au wakati wa mavuno. Weka akiba mwezi huo, hata kama tarehe ya kulipa iko mbali.

Mambo machache ya pembeni

Umefunga biashara? Iarifu TRA kwa maandishi, na halmashauri pia. Kufunga mlango hakufungi TIN. Wapo walioacha duka wakaenda shamba, wakarudi miaka mitatu baadaye wakitaka TIN kwa jambo jingine, wakakutana na makadirio ya miaka yote mitatu.

Mauzo yakivuka milioni 100 kwa mwaka, unatoka kwenye utaratibu huu. Unatakiwa kuandaa hesabu kamili, na ritani ya mwaka ulioishia 31 Desemba inawasilishwa ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni. Kampuni ni hivyohivyo bila kujali ukubwa. Usajili wa VAT kwa kawaida unaanzia mauzo ya milioni 200, kiwango kilichowekwa mwaka 2023, na ritani zake ni za kila mwezi, hadi tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukikaribia viwango hivyo tafuta mhasibu mapema, ukiwa bado chini yake.

Na viwango hubadilika. Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na huanza kutumika 1 Julai. Ikifika Julai, uliza ofisi ya TRA ya eneo lako kama jedwali la wafanyabiashara wadogo limeguswa, kisha uandike jibu kwenye jalada la ndani la daftari lako.

Chukua karatasi moja sasa hivi. Andika tarehe ya leseni yako kuisha, na mwezi mmoja kabla yake. Chini yake andika 20 Machi, 20 Juni, 20 Septemba, 20 Desemba, na siku unayolipa pango. Ibandike upande wa ndani wa droo ya hela, pale unapoifungua kila asubuhi kutafuta chenji.